Gumba la Mpiga Ngoma wa Kwanza

Bujiku wa Nkoma alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji na kichwa kigumu kuliko mpini wa jembe. Nyimbo hakufundishwa na mtu. Alizitunga nyuma ya ng'ombe wa mjomba wake, akazijaribu kwa ng'ombe wenyewe, na zile ambazo hazikuwafanya wageuze masikio alizitupa. Sasa ndiye manju, mtunzi na kiongozi wa Wagika, kimoja cha vyama viwili vya ngoma pale Nkoma, na kila msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano, pamba ikishauzwa na vumbi likianza kupanda, watu walikuja kusikia safari hii atamtukana nani.

Aliyetukanwa mara nyingi alikuwa Mayunga, manju wa Wagalu, chama cha pili. Mayunga alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye macho ya kucheka kabla ya mdomo. Hakuwa na sauti kubwa, ila alikuwa na subira, na mtu mwenye subira ni adui mbaya uwanjani, ambako mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake.

Mwaka huo wote wawili walipata kibarua kimoja. Mtafiti mmoja, Daktari Felisita Mihayo, alipiga kambi kwenye makorongo makavu nje ya Mwanhuzi kutafuta visukuku, yaani mifupa na meno ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe ardhini. Aliwataka vijana wenye miguu mizuri na macho mazuri. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea mmoja mmoja kwa mstari, umeinama kama mtu aliyedondosha sindano, ukitazama kila kokoto.

Siku ya kwanza aliwafundisha njia ya haraka ya kubahatisha. Mfupa wa kale una vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, akasema. Ukiugusa kwa ulimi, unanyonya mate na kunata. Jiwe la kawaida halinati. Akaongeza kwamba njia hiyo si hukumu, ni fununu tu, kwa sababu hata udongo fulani hunata. Vijana wengi walisikia sehemu ya kwanza tu. Kwa juma zima korongo lilijaa watu wazima wakilamba mawe kama ndama kwenye magadi.

Hapo ndipo Bujiku alipokumbuka jiwe lake.

Kiangazi kilichopita, akichunga katika korongo hilohilo, aliokota chini ya genge kitu cheupe chenye urefu wa kidole gumba cha mtu mnene. Kilikuwa na pingili mbili. Upande mmoja kilichongoka, upande mwingine kilibonyea, na pale palipobonyea ukitazama kwa moyo mwema uliona mahali pa ukucha. Bujiku alikitazama kwa moyo mwema sana. Akakipeleka Nkoma kwa bibi yake, Minza, akamwambia kwamba ni gumba la mtu wa zamani aliyegeuka jiwe, na mtu mwenye gumba nene kiasi hicho hakuwa mkulima, alikuwa mpiga ngoma. Mpiga ngoma wa kwanza wa Wasukuma wote. Bibi Minza hakuuliza ushahidi. Alikuwa mtu wa kusali kanisani Jumapili na kuwaheshimu masamva, mizimu ya ukoo, siku zilizobaki. Akalipa gumba nafasi katika kibanda kidogo cha masamva nyuma ya nyumba, akawa analipaka samli kila mwezi mchanga ulipoandama.

Bujiku, kwa upande wake, alilitungia wimbo. Wimbo ulisema:

*Wagalu wana ngoma, Wagika tuna kidole,*
*Kidole cha aliyeanza, nyie mtapiga na nini?*

Ulikuwa wimbo mzuri. Msimu uliopita ulimnyamazisha Mayunga jioni nzima.

Basi kambini, wakati wa kula ugali, Bujiku hakuweza kujizuia. Akawaambia wenzake kwamba wao wanalamba kokoto, yeye anacho kisukuku nyumbani, na si cha swala, cha mtu. Mayunga akatafuna polepole, akameza, akasema kwa upole kwamba angependa sana kukiona, maana anavyojua yeye korongo hili lina mawe yenye sura ya viazi, ya pua na hata ya mambo mengine ambayo hawezi kuyataja mbele ya chakula.

Wakabishana, na mabishano yakazaa dau. Daktari ndiye atakayehukumu. Likiwa jiwe tu, Bujiku ataibeba ngoma ya Wagalu kichwani kutoka barabarani hadi katikati ya uwanja, siku ya kufungua mbina, mbele ya watu wote. Likiwa kisukuku, Mayunga ataibeba ya Wagika. Ngoma ya Wagika ilihitaji wanaume wawili kuinua. Lakini uzito si jambo. Manju akionekana mara moja chini ya ngoma ya mwenzake, kila wimbo atakaoimba mwaka huo utatoka kwenye shingo iliyoinama.

Daktari alipoambiwa, hakufurahi wala hakukataa. Alisema tu kwamba liletwe, na kwamba mwokotaji aje amwonyeshe mahali alipoliokota, kwani kisukuku bila mahali pake ni nusu ya habari. Kisha akawakumbusha, kwa sauti ya mtu aliyeshasema hayo mara nyingi, kwamba likiwa kisukuku halali ni mali ya taifa, si la Wagika wala la Wagalu.

Jumatatu asubuhi gumba lilifika kwa bodaboda, na Bibi Minza alifika nalo. Alikuwa amekataa katakata liondoke peke yake. Alikaa nyuma ya dereva akiwa amelipakata katika kitambaa cheupe kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Mwangaluka, mayu," Daktari akamsalimia kwa Kisukuma, akaitikiwa, na Bibi Minza akamtazama juu mpaka chini, buti, suruali na kofia.

"Wewe ndiye unayepima watu waliokufa?"

"Wanyama zaidi, bibi."

"Huyu si mnyama. Mshike vizuri."

Meza ilikuwa ubao juu ya madebe, chini ya turubai. Daktari alikifungua kitambaa, akaligeuza gumba kiganjani, akalipima uzito kwa kulirusharusha kidogo, jambo ambalo Bibi Minza hakulipenda. Kisha, labda kwa sababu vijana wote walikuwa wamemzunguka wakisubiri, akatoa ulimi akaligusa.

Halikunata. Liliteleza.

Mayunga alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Bujiku alihisi shingo yake inaanza kuinama yenyewe. Daktari alikuwa amekunja uso, anaonja kitu.

"Hili lina nini?"

"Samli," Bibi Minza akasema. "Ya ng'ombe wangu mwenyewe. Ungependa zaidi?"

Watu walicheka, na Daktari akacheka nao. Akaeleza kwamba basi ulimi wake haujasema lolote, si ndiyo wala hapana, kwa maana mafuta yameziba vitundu vyote, kama vipo. Hata mfupa wa jana ukiupaka samli mwaka mzima hautanata. Akadondosha tone la asidi dhaifu, ambayo huchemka ikigusa chokaa, nalo likaviringika juu ya mafuta likaanguka mezani. Akaagiza maji ya moto, sabuni na spiriti. Bibi Minza aliangalia mwaka wake mzima wa ibada ukioshwa ndani ya beseni, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Hakuna aliyejua kama alikuwa anasali au anahesabu hasara.

Lilipokauka, Daktari alivuta kioo chake cha kukuzia hadi jichoni, akaanza na yale yaliyokuwa rahisi.

Si gumba. Hilo alilisema mapema, na kwa upole, akimtazama bibi. Nyama haigeuki jiwe kwa namna hiyo, wala ngozi, wala ukucha, vinaoza kwanza. Kinachobaki ni mfupa na jino. Kama hiki kingekuwa kidole cha mtu, tungeona mifupa miwili myembamba iliyoachana, kila mmoja na kichwa chake cha kiungo. Kitu kinachofanana na kidole kizima, na unene wa nyama yake na mahali pa ukucha, hakiwezi kuwa kidole. Kufanana huko ndiko kunakokikataa.

Bujiku alilielewa jambo hilo upesi kuliko alivyotaka. Alikuwa ameona mizoga mingi ya ng'ombe porini. Ngozi huenda, kwato huchomoka, hubaki mifupa mitupu iliyotapakaa. Hakuwahi kuona mguu mzima ukimsubiri.

"Kwa hiyo ni jiwe," Mayunga akasema. Alisema bila kelele. Aliyefurahi alikuwa mwili wake. Ulianza kucheza mabegani. "Nikuletee kata ya kubebea, Bujiku, au utatumia ya bibi?"

"Sijasema ni jiwe," Daktari akajibu, jicho bado kwenye kioo.

Akalipeleka kwenye mwanga, akaligeuza, akarudi pale palipomeguka kidogo. Halafu akauliza swali ambalo halikuonekana kuwa na uhusiano na lolote.

"Nyie mnaochunga. Katika nchi hii, mnyama gani ana kinyesi cheupe?"

Kila mtu pale alijua jibu, kama mtu anavyojua njia ya kwao. Lakini aliyelitamka alikuwa Mayunga, na alilitamka taratibu, neno moja, huku macho yakimpanuka.

"Fisi."

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akajishika mdomo, na kicheko kikapasuka kama gunia. Bujiku hakucheka. Alikumbuka, na kwa bahati mbaya akakumbuka kwa sauti, kwamba siku aliyoliokota, ili kuondoa vumbi, alilitia mdomoni akalifyonza.

Daktari aliinua mkono. Alisema hiyo ni dhana tu, bado hajaamua. Fisi hula mifupa na kuimaliza, kwa hiyo anachotoa kimejaa madini ya mfupa. Hukauka haraka, huwa cheupe na kigumu, na kikifunikwa na udongo au majivu ya volkano kinaweza kugeuka jiwe kabisa. Kikiwa hivyo ni kisukuku halali, sawa na jino au fupa, na kwake yeye pengine ni bora zaidi, kwa sababu kinaonyesha nani alikula nini. Ila makorongo haya pia yana vidonge vya chokaa vinavyojifinyanga vyenyewe ardhini kwa sura yoyote, na kidonge cha chokaa kinaweza kufanana na kinyesi cha fisi vizuri kabisa.

Hapo likatokea jambo ambalo watu wa kambi ile wanalisimulia mpaka leo. Manju wawili walibadilishana viti.

"Ni chokaa," Bujiku akasema. "Ni jiwe. Nimeishi na mawe haya. Mayunga alisema kweli tangu mwanzo, korongo hili linafinyanga kila kitu."

"Hapana, hapana," Mayunga akasema, akimsogelea Daktari kama wakili. "Rafiki yangu anajishusha. Hicho ni kisukuku. Nitabeba ngoma. Naomba nibebe ngoma."

Na hakutania. Alitoka mbio, akashuka korongoni, akarudi amebeba kwenye jani kinyesi cha fisi cha juzi, kikavu, cheupe, akakiweka mezani kando ya gumba. Pingili mbili. Upande mmoja kimechongoka, upande mwingine kimebonyea. Bibi Minza alijisogeza na kigoda chake nyuma hatua moja.

Bujiku hakukubali. Hasira ilimpa akili, kama ilivyokuwa desturi yake. Daktari alipompa kioo atazame mwenyewe, akaona katika ule mmeguko vipande vidogo vya kahawia, na akaambiwa ni chembe za mfupa, alijibu kwamba hilo si neno. Kidonge cha chokaa kikijifinyanga kwenye tope lenye mifupa si kitaimeza mifupa hiyo? Kwa nini chembe za mfupa zimfanye fisi awe baba wa jiwe hili?

Daktari alimtazama kwa namna mpya. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba wanafunzi wake wengine hawajawahi kuliuliza. Jibu lake liko ndani. Kama ni kidonge kilichojifinyanga kwenye tope, ndani kutakuwa na punje za mchanga kati ya chembe, chembe zenyewe zitakuwa na kingo kali, na asidi itachemka kila mahali, nje na ndani. Kama kimepita tumboni mwa fisi, hakutakuwa na mchanga, chembe zitakuwa zimelainishwa kingo na tindikali ya tumbo kama peremende iliyomung'unywa, kutakuwa na vitundu vya hewa, na asidi itachemka kwenye ganda la juu tu kisha itulie. Lakini ili kuyaona hayo lazima kipasuliwe.

Akaweka patasi ndogo na nyundo mezani, hakuzigusa.

"Bado sijui kama ni mali ya taifa," alisema. "Kwa sasa ni kitu cha bibi na wewe. Mkisema hapana, nitaandika kwamba haijulikani, mtarudi nacho nyumbani."

Haijulikani. Bujiku alilisikia neno hilo likimjia kama maji ya mtungini. Asingebeba ngoma. Mayunga asingekuwa na wimbo, ama angekuwa nao bila ushahidi. Gumba lingerudi kibandani, na Wagika wangeendelea kuimba. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu.

Akamgeukia bibi yake. Bibi Minza alikuwa anavitazama vile vitu viwili mezani, kimoja kisha kingine, kimoja kisha kingine.

"Mimi usiniulize," akasema. "Mimi ulinipa gumba. Wewe ndiye uliyeimba."

Ndilo lililomchoma. Alikuwa ameimba. Ameimba kwa kiburi mbele ya vijiji vitatu, na sasa kama angelibeba jiwe hili kurudi Nkoma bila kupasuliwa, kila atakapofungua mdomo uwanjani atakuwa anaimba jambo ambalo aliogopa kulijua. Mayunga asingehitaji kusema kitu. Angekaa tu na yale macho yake.

"Pasua," Bujiku akasema.

Daktari aliweka patasi kwenye mkunjo wa pingili, akagonga mara moja, kidogo, kisha mara ya pili. Kikaachana vipande viwili, safi. Ndani kulikuwa na rangi ya maziwa, laini, na vitundu vya hewa vidogo kama vya maandazi. Hakukuwa na punje hata moja ya mchanga. Chembe za mfupa zililala humo zimelainika kingo zote, na kati yake ilimeta ganda jembamba la jino la mnyama mdogo, swala pengine. Tone la asidi lilichemka kwenye ukingo wa nje likatulia lilipofika ndani. Mwisho Daktari akagusa kwa ulimi ule upande mpya ambao samli haikuufikia.

Ulimi ukanata. Akabaki hivyo kidogo, jiwe likining'inia.

"Fisi," alisema alipolibandua. "Wa kale. Namna ya fisi asiyekuwepo tena, huenda. Tukienda ulipoliokota nitajua ni tabaka lipi na ni mamilioni mangapi ya miaka. Ni kisukuku halali, Bujiku, na ni cha kwanza cha aina yake katika kazi yetu hapa."

Mayunga alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akakosa sauti. Ameshindwa dau na hajawahi kufurahi namna ile.

Kisha mabega ya Bibi Minza yakaanza kutikisika, na Bujiku akaogopa kwamba analia.

"Mwaka mzima," bibi akasema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwaka mzima nampaka fisi samli makalioni. Na mimi nashangaa masamva hawaji hata ndotoni. Nani angekuja?"

Alasiri Bujiku alimpeleka Daktari chini ya genge, akamwonyesha mahali. Katika ukuta wa udongo, chini kidogo ya mstari wa majivu ya kijivu, vilichungulia vingine viwili kama kile. Bujiku hakuvigusa, sembuse kuvionja.

Siku ya kufungua mbina Nkoma ilijaa. Habari zilikuwa zimetangulia, kama habari za aibu zinavyotangulia siku zote, na watu walitoka hata Dutwa kwa baiskeli ili wamwone manju aliyemfyonza fisi. Mayunga alitokea barabarani na ngoma ya Wagika kichwani, jasho likimtiririka, wenzake wawili wakimsaidia kuishikilia, naye akiimba kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Wimbo wake ulisema Wagika wamepata babu, ni kweli wamempata, na babu mwenyewe ametoka nyuma ya fisi. Uwanja ulianguka kwa kicheko. Hata Wagika walicheka, wakijificha nyuma ya mikono.

Bujiku alimwacha amalize. Alimwacha arudie. Alisimama katikati ya uwanja, kifua mbele, shingo imenyooka, maana aliyekuwa chini ya ngoma hakuwa yeye. Kicheko kilipoanza kupungua akainua mkono mmoja, na bila ngoma, kwa ile sauti ya kuamsha kijiji, akaimba wimbo aliokuwa ameukeshea:

*Kweli, Mayunga, ni mavi, Daktari kayapasua.*
*Yamekaa mamilioni, mvua na jua hayaozi.*
*Wimbo wako wa mwaka jana, nani hapa aukumbuke?*
*Fisi wangu kajisaidia mara moja, anatafutwa hadi leo;*
*Wewe waimba kila mwaka, hakuna anayeokota.*

Halafu mama mmoja wa Wagalu, wa Wagalu wenyewe, akapiga kigelegele, na watu wakaanza kusogea upande wa Bujiku, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wanaume waliojifanya wanatafuta kivuli.

Mayunga alijaribu kujibu. Alifungua mdomo chini ya ile ngoma, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, na kicheko na mzigo haviendi pamoja. Ngoma ikaanza kuinama, wale wasaidizi wawili wakapiga kelele. Bujiku aliruka akaidaka upande mmoja kabla haijagusa ardhi. Wakabaki hivyo, manju wawili wameishika ngoma moja katikati ya uwanja, uso kwa uso, wakihema.

"Ule mstari wa mwisho," Mayunga akasema kwa chini, "umenikata."

"Wako wa babu ulikuwa mzuri pia," Bujiku akasema. "Shusha taratibu. Ukiivunja nitaimba mwaka mzima."